Alama kwenye kona za uzi: kutoka kuzungusha hadi kujumlisha pande

Swali: "Wanafunzi wangu wa miaka tisa walipima mzingo kwa uzi vizuri. Lakini nikiwachorea mstatili wenye vipimo viwili tu, wengi wanajumlisha hivyo viwili na kuishia hapo. Nimekosea wapi?"

Kosa hilo lilinisumbua miaka kadhaa darasani, mpaka nilipobadilisha jambo moja: kabla uzi haujaondolewa kwenye kitu, mtoto atie alama ya kalamu kila mahali unapopita kona. Uzi usio na alama ukinyooshwa kwenye rula hutoa nambari moja tu, na nambari hiyo haimwonyeshi mtoto kwamba ndani yake mna pande nne.

Mimi huanza na daftari lenye urefu wa sentimita 21 na upana wa sentimita 16. Watoto hufanya kazi wawili wawili: mmoja anabana mwanzo wa uzi kwenye kona kwa kidole gumba, mwenzake anauzungusha ukingoni mwa jalada, akitia alama kwenye kila kona, na kuukata pale unapokutana na mwanzo wake. Uzi uwe mwembamba na usiovutika. Mwaka wa kwanza niliwapa uzi wa sufu wa kufumia, na majibu ya daftari lilelile yakapishana kwa sentimita tano na zaidi, kwa sababu kila mtoto aliuvuta kwa nguvu zake.

Uzi uliokatwa hunyooshwa juu ya dawati na kubandikwa ncha zote mbili kwa utepe wa gundi. Hapo huwauliza wana vipande vingapi, na wanaona vinne: kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Wanapima kila kipande na kuandika urefu wake kando yake. Kisha tunajumlisha polepole huku kidole kikisogea kutoka alama moja hadi nyingine: 21, kisha 37, kisha 58, na mwishoni 74. Hapa ndipo uzi na kujumlisha vinapokuwa kitu kimoja, kwa maana kila jumla tunayoifikia ina mahali pake kwenye uzi.

Mwanafunzi mmoja aliandika 37 kuwa ndio mzingo. Badala ya kumwambia kwamba amekosea, nilimwomba abandue uzi, aushike kwa vidole viwili pale penye 37, kisha auzungushe tena kwenye daftari. Vidole vyake vilifika kwenye kona inayotazamana na ile aliyoanzia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, nimefika nusu, bado sijarudi." Maneno hayo tuliyatumia darasani muhula mzima: umerudi ulikoanzia, au bado?

Mkihamia kwenye mchoro wa ubaoni, usiruhusu kujumlisha mara moja. Mtoto aandike kwanza kipimo kwenye kila upande, hata zile pande mbili ambazo hazikuandikwa, na ahesabu kama idadi ya vipimo inalingana na idadi ya kona. Ninapendelea waandike 21 + 16 + 21 + 16 kwa wiki nzima kabla ya kugusia njia fupi ya kuzidisha kwa mbili, kwa sababu anayeanza na njia fupi husahau upesi ile mbili ilitoka wapi.

Jambo linalohitaji subira ni pale uzi mzima na jumla ya pande vinapotofautiana. Tofauti ya nusu sentimita ni ya kawaida, kwa kuwa uzi huvimba kidogo kwenye kona. Tofauti kubwa zaidi mara nyingi hutoka kwenye rula. Rula ya sentimita 30 lazima iwekwe mara tatu ili kupima uzi wa 74, na rula nyingi zina nafasi ndogo kabla ya sifuri. Ikiwa nafasi hiyo ni nusu sentimita na mtoto anaanzia ukingoni mwa rula kila mara, atapata 72.5, yaani amepoteza nusu sentimita mara tatu. Kwa hiyo jibu likipungua hivyo, mtazame anapoanzia kupima kabla ya kuulaumu uzi.

Chagua pia vitu vyenye kona kali. Daftari lenye kona za mviringo huwachanganya, kwani uzi hukata kona na kutoa mzingo mfupi kuliko jumla ya pande zilizopimwa kana kwamba kona ni kali. Hapo uzi ndio wenye haki. Mwishoni huwapa kifuniko cha duara. Wanazungusha uzi, wanatafuta kona ya kutia alama, hawaioni, na wenyewe wanaeleza kwa nini kifuniko hicho kinapimika kwa uzi lakini hakina pande za kujumlisha.