Nguzo za chati hazionekani

"Nimenakili mauzo kutoka kwenye tovuti kuja Excel. Namba zipo, chati haina nguzo. Kwa nini?"

— Weka Format Cells iwe Number, basi.

— Hiyo peke yake haitoshi, ndugu. Maandishi yaliyokwishaingia hubaki maandishi, na chati huyachora kama 0. Tazama: namba zimeegemea kushoto? Zikitoka kwenye tovuti mara nyingi hubeba nafasi ambayo hata TRIM haiiondoi. Andika kwenye C2:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),""))
```

Buruta hadi chini, nakili safu ya C, kisha bandika juu ya B kwa Paste Special > Values. Nguzo zitainuka papo hapo.

— Asante, zimesimama. Ila Machi inaleta #VALUE!

— Machi imeandikwaje? Kama kuna "TSh" mbele, ifute kwanza.