Kiungo Bila Sababu Hakina Faida: Namna Ninavyounganisha Muhtasari wa Masomo

Wanafunzi wengi wa sayansi ya bahari hapa Unguja huandika muhtasari wao kwa mfuatano wa mihadhara, na mimi niliandika hivyo hivyo hadi nilipobaini kwamba osmosisi imo katika daftari la baiolojia ya seli la mwaka wa kwanza, katika daftari la elimu ya bahari na tena katika daftari la kilimo cha mwani, bila ya mahali pamoja panapoonesha kwamba jambo ni moja. Tangu hapo kila dhana ina ukurasa wake, na kila ukurasa unataja kurasa nyingine zinazohusiana nao. Ninatumia programu ya Obsidian, ambayo hufanya kazi bila ya mtandao na huhifadhi kila ukurasa kama faili la maandishi ya kawaida. Ukiandika jina la ukurasa ndani ya mabano mawili ya mraba, tayari umeshaunda kiungo.

Mhadhara hauvunjwi wote. Dhana huipa ukurasa wake inapojitokeza mara ya pili, katika somo jingine au mhadhara mwingine, kwa sababu kabla ya hapo haina cha kuungana nacho na inatosha kubakia katika muhtasari wa kawaida.

Ugumu uko kwenye viungo vyenyewe. Programu haikuzuii kuligeuza kila neno "maji" kuwa kiungo, na ukifanya hivyo utapata mchoro wa kupendeza ambao haukufundishi kitu. Kwa hiyo siweki kiungo mpaka niwe nimeandika kando yake sentensi moja inayoeleza uhusiano: hiki husababisha kile, hutegemea kile, ni mfano wa kile, au hutofautiana na kile. Sentensi ikikataa kuandikika, basi ama uhusiano haupo au sijalielewa somo, na nadra sana huwa sababu nyingine.

Tuchukue ugonjwa wa mwani ambao wakulima wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha biashara cha zao hilo kilianza mwaka 1989, wanaujua vizuri: matawi hupauka, hulainika na kukatika. Ukurasa wangu ni huu:

```
# Weupe wa mwani
- Husababishwa na [[Joto la maji]]: nyuzi 33 hadi 35
  huudhoofisha mwani, kisha bakteria huushambulia.
- Huelezwa na [[Osmosisi]]: mvua ikipunguza chumvi,
  maji huingia kwa wingi ndani ya seli.
- Usichanganye na [[Kupauka kwa matumbawe]].
```

Mstari wa mwisho ndio ulionifunza zaidi, ingawa hapo juu bado haujakamilika. Mwanzoni ushawishi ni kuandika kwamba mambo hayo mawili yanafanana, kwa kuwa yote huleta weupe na yote huhusishwa na joto. Lakini ukijilazimisha kutoa sababu, unagundua kwamba tumbawe, kama yale yaliyopauka kwa wingi katika Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998, huwa limepoteza viumbe vidogo vya mwani vinavyoishi ndani yake na kulilisha, na linaweza kupona vikirejea mapema. Mwani unaolimwa hauna mshirika wa namna hiyo, bali ni tishu zake wenyewe zinazooza. Sentensi hiyo huiandika katika kurasa zote mbili, kwani anayefika kupitia matumbawe ana haki ya kuonywa sawa na anayefika kupitia mwani. Viungo vingine huandikwa upande mmoja tu, na sehemu ya programu iitwayo Backlinks hukuonesha ni kurasa zipi zinazoutaja ukurasa uliofungua.

Kuna tahadhari mbili. Jina la ukurasa libadilishwe ndani ya programu yenyewe, ambayo inaweza kurekebisha viungo vyote. Ukilibadilisha kupitia sehemu ya mafaili ya simu, viungo vitaelekea kwenye jina ambalo halipo tena. Na ukurasa kama "Joto la maji" ukitajwa na karibu kila ukurasa mwingine, umekuwa mpana mno na unahitaji kugawanywa: mimi niliutenga ukurasa wa joto la maji ya kina kifupi yanapokupwa wakati wa bamvua katika miezi ya kaskazi, kwani huko ndiko mwani unakoungulia.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia kadi zenye namba, kama alivyofanya mwanasosholojia wa Kijerumani Niklas Luhmann, aliyeacha kadi zipatazo 90,000 alipofariki mwaka 1998.

Katika kujiandaa kwa mitihani hujiuliza swali, kwa mfano kwa nini mwani wa kotonii huathirika zaidi kuliko spinosamu katika maji ya kina kifupi, kisha hufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine huku nikinakili sentensi za sababu tu. Aghalabu sentensi hizo, zikipangwa kwa mfuatano, huwa ndiyo rasimu ya jibu, na pale mnyororo unapokatika ndipo ninapojua mhadhara gani wa kurudia.