Kinyota hakina sauti

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Malindi. Tangazo moja huwafikia wengine kwa WhatsApp, wengine kwa SMS, na pia husomwa kwa kipaza sauti pale ufukweni. Nikizungushia neno vinyota, kwa wengine hukolea wino, kwa wengine hubaki vinyota vitupu. Nikitumia herufi kubwa, wazee wanasema nawafokea. Nifanyeje ili neno muhimu lisipotee? La juzi lilikuwa hivi: 'Ndugu wanachama, mkutano *HAUTAFANYIKA* Jumamosi kama tulivyotangaza, utafanyika siku ya *JUMAPILI* saa *KUMI JIONI*. Kila mwanachama *LAZIMA* aje na KITAMBULISHO na *SI NAKALA*.'"

Jibu: Bwana Katibu, wazee wako hawana kosa. Katika sentensi mbili umekaza mara sita, na aliyekaza kila kitu hakukaza chochote. Msomaji akifika kwenye kitambulisho, masikio yashaziba.

Kinyota chenyewe si alama ya lugha. Ni amri kwa programu. WhatsApp inaitii kikilishika neno bila nafasi kati yake. Ukiandika * Jumapili * ukaacha upenyo ndani, haikolezi kitu. SMS haijui amri hiyo hata siku moja, na ujumbe ulionakiliwa kutoka WhatsApp ukabandikwa kwenye SMS huingia na vinyota vyake vyote. Herufi kubwa ni salama kidogo, lakini kwa aliye na macho tu. Asiyeona akisomewa na simu yake, SI yako pengine itatamkwa kama si yoyote, pengine itasomwa herufi moja moja kama kifupisho cha ofisi ya serikali. Na kijana wako wa kipaza sauti? Hebu mwambie akusomee kinyota.

Neno herufi tumelipata kwa Waarabu, na hati yao haina kubwa wala ndogo. Kwa hati hiyo ndiyo tenzi za Pate, Siyu na Lamu zilivyoandikwa, zikasomwa kwa sauti mbele ya watu, na hakuna msikilizaji aliyeuliza mkazo uko wapi. Mkazo ulikuwa kwenye neno lililochaguliwa na mahali lilipowekwa. Kwa hiyo sina uvumilivu na anayeniambia kwamba bila herufi kubwa Kiswahili hakiwezi kusisitiza. Kiswahili kiliweza kabla hazijafika.

Chukua sentensi hii, ambayo nimeipenda kwa miaka mingi kwa sababu inaweza kuvunja ujirani: "Sikusema mwanao ameiba nanga." Mwandishi wa siku hizi akitaka kujitetea huiacha hivyo hivyo, kisha anakuza neno moja. SIKUSEMA mwanao ameiba nanga. Sikusema MWANAO ameiba nanga. Sikusema mwanao AMEIBA nanga. Anadhani ameandika sentensi tatu. Ameandika moja, akatumaini simu ya jirani itammalizia kazi. Zifanye herufi zote ndogo, na maana zote tatu zinakufa pamoja.

Sasa tazama mwenye lugha anavyofanya. Kama aliyesema ni mtu mwingine: "Si mimi niliyesema mwanao ameiba nanga." Kikanushi kimetoka kwenye kitenzi kikaenda kukaa mbele ya mtu, na kirejeshi kimefuata nyuma. Hata ukiisoma kama roboti, maana ni moja. Kama lawama lilimhusu mtoto mwingine: "Niliyemtaja kwa wizi wa nanga si mwanao." Hapa mwanao ameachwa mwisho wa sentensi, na mwisho ndipo sikio la Mswahili linapongoja habari mpya. Kama ulidokeza tu bila kutamka: "Kusema sikusema." Kitenzi kimetangulia katika umbo lake la ku-, kikarudiwa kwa kukanushwa, na jirani mwerevu anaelewa kwamba kukonyeza ulikonyeza. Kama ni tendo ndilo unalolisahihisha: "Sikusema ameiba, nilisema ameichukua bila kuaga." Na kama umechoka na ujirani wenyewe: "Nilichosema mwanao ameiba si nanga." Hapo mama wa watu ataingia ndani kuhesabu vyungu.

Sentensi tano, ugomvi wa namna tano, na kinyota hakuna. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauhamihami. Tunachohamisha ni neno lenyewe. Anayekuza MWANAO anajaribu kuandika sauti ya lugha nyingine kwa maneno ya Kiswahili. Namvumilia kijana anayechati na wenziwe saa sita za usiku. Katibu wa kikundi, hapana.

Turudi kwenye tangazo lako. Habari kubwa ni moja: siku imebadilika. Mtu wa haraka angekushauri uandike "Mkutano si Jumamosi, ni Jumapili." Ni nzuri kwenye karatasi. Ufukweni ni hatari, kwa kuwa usahihisho wote umeubebesha "si", silabi moja, na kwa upepo wa kusi na injini ya boti inayowashwa, silabi moja haifiki mbali. Ikimezwa, mvuvi amesikia "mkutano Jumamosi", na Jumamosi atakuja. Ndiyo sababu nasema uchague neno lenye kimo: "Mkutano wa Jumamosi umeahirishwa." Umeahirishwa ina silabi sita. Upepo ukila mbili, nne zinabaki, na hazifanani na kitu kingine chochote ambacho mkutano unaweza kufanywa. Isitoshe, simu ikionyesha mwanzo tu wa ujumbe kabla haujafunguliwa, kilicho muhimu kimo humo mwanzoni.

Saa haikubadilika, basi usiipigie kelele, sema haikubadilika. Kiswahili kina "ile ile" kwa kazi hiyo. Lazima uliyoiandika kwa herufi kubwa iondoe kabisa. "Aje" tayari ni agizo, na lenye kumfanya mtu alete kitambulisho ni matokeo, si ukali. Badala ya SI NAKALA, mwambie nakala itafanywa nini. Tangazo linakuwa hivi:

"Ndugu wanachama, mkutano wa Jumamosi umeahirishwa. Tutakutana Jumapili, saa ile ile ya kumi jioni. Kila mmoja aje na kitambulisho chenyewe, nakala haitapokelewa."

Ni fupi kuliko lako. "Chenyewe" inaisukuma nakala nje kabla haijatajwa, kisha "haitapokelewa" inafunga mlango. Lisome kwa WhatsApp, kwa SMS, kwa kipaza sauti, kwa redio ya betri: ni lile lile.

Utaona sikutumia ndi-, ambayo najua uliitarajia. Ndi- ni kifaa kikali, na hufanya kazi pale ambapo watu tayari wana majina mawili mdomoni na wanabishana. Ukianza nayo wakati hakuna aliyebisha, msikilizaji anajiuliza ni nani aliyekataa. Subiri. Ijumaa jioni, mtu atakapoeneza kwamba mkutano bado ni Jumamosi, hapo sasa mjibu: "Jumapili ndiyo siku ya mkutano." Na iwe ndiyo, kwa sababu ni siku. Jahazi ndilo, chombo ndicho, nahodha ndiye. Siku hizi kila kitu ni "ndio": nahodha ndio amesema, jahazi ndio limeharibika. Pwani nzima inasema hivyo, Lamu na Malindi bila kubaguana, na kwenye mazungumzo nimeshanyoosha mikono. Ila kwenye maandishi, "nahodha ndiye aliyesema" inamfunga nahodha kwa fundo mbili, ndiye na aliye-, na fundo zote mbili zinamtaja yeye tu. Ukitupa zote ukaacha "ndio", umebakiwa na neno linaloning'inia, kisha unatafuta herufi kubwa za kulishikilia.

Nakutahadharisha na jambo moja, maana wanafunzi wangu wakishaonja kuhamisha maneno hawaachi. Kutanguliza kinachotendwa ni njia nzuri ya kukikazia: "Nanga, Juma ameiiba." Kiambishi i- ndani ya kitenzi kinatuambia kilichoibwa ni nanga, na a- inatuambia mwizi ni Juma. Hakuna wa kuwachanganya, kwa kuwa ngeli zao ni mbili. Lakini jaribu hivyo hivyo kwa viumbe viwili vyenye uhai: "Papa mvuvi amemla." Nani yumo tumboni mwa nani? A- inawafaa wote wawili, m- inawafaa wote wawili. Mwandishi alitaka kukaza kwamba papa yule msumbufu hatimaye ameliwa. Familia ya mvuvi imeshaanza kulia. Kukuza PAPA hakusaidii hata kidogo, kwa sababu fumbo halimo kwenye ukubwa wa neno. Sema "Papa ameliwa na mvuvi", papa abaki mbele kama ulivyotaka, na kitenzi cha kutendwa kiseme nani kafanywa nini. Kila unapotanguliza jina, angalia kama kiambishi cha kitenzi kinaweza kumshika mwingine. Kikiweza, geuza kitenzi.

Uliniuliza pia, chini ya barua, namna ya kusema wasio wanachama wasije. Hiyo ni kazi ya "tu", na "tu" hukaza kile inachokifuata. "Wanachama tu waje Jumapili" inawazuia watu wengine. "Wanachama waje Jumapili tu" inazuia siku nyingine. Ukiiweka popote mkono ulipofikia, kisha ukaizungushia vinyota, utakuwa umekaza kosa. Na wakiwa wengi wasiosikia vizuri, "tu" nayo ni silabi moja. Tia "wasio wanachama hawataingia", uwe umemaliza.

Bango la pale ukutani ni habari nyingine. Rangi unaiona mwenyewe, brashi umeishika mwenyewe, na mpita njia ataliona kama ulivyoliacha. Hapo ukitaka kuandika JUMAPILI kwa herufi ndefu kama mlingoti, sina kesi na wewe.