Barua kwa influensa: hilo neno "kulitangaza" lifute kabla hujatuma

"Wakuu habari. Nina duka la vipodozi na mawigi, nataka kumwandikia barua dada mmoja maarufu wa Instagram hapa mkoani kwetu, ana folowazi elfu 40, atutangaze mwezi mmoja kwa malipo. Niandike Kiswahili au Kingereza? Nimtumie inboksi au kwa imeili? Nimpe shilingi ngapi, na barua iwe na muhuri? Nimeshaanza hivi: 'Tunapenda kushirikiana nawe katika kulitangaza duka letu kwa kipindi cha mwezi mmoja...'"

Simama hapohapo mkuu. Weka simu chini. Hiyo sentensi uliyoanza nayo mimi imenila milioni moja na laki mbili, na nikiisoma hapa nimesikia tumbo linakata kama nimekula maharage ya jana.

Duka langu liko Mwanza mjini kati, vipodozi, mawigi, kucha za kubandika, pafyumu za kupima. Mwaka juzi nikaona jirani zangu wote wana mrembo wao mtandaoni, na mimi nikataka wangu. Nikampata dada mmoja, mcheshi, video zake zinachekesha hata mama yangu anazituma kwenye grupu la ukoo. Sasa kwa kuwa sijui kuandika barua za kibiashara nikamfuata jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, akaniuzia sampuli ya barua elfu 30. Elfu thelathini! Kwa ukurasa mmoja ambao hata jina la duka la mteja wake wa mwisho alisahau kulifuta. Nikamuuliza mbona haisemi huyu dada atafanya nini hasa, akanijibu kwa sauti ya upole kama padri, "Dada, barua ya kwanza usimbane msanii, ukimbana ataona humuamini." Nikamwamini yeye sasa. Huyu mtu bado yupo mjini, tukikutana barabarani ananisalimia shikamoo boss, na mimi naitikia marahaba huku moyoni namwombea viatu vimbane.

Barua ikaenda hivi, naikumbuka kwa moyo: "Tunapenda kushirikiana nawe katika kulitangaza duka letu kwa kipindi cha mwezi 1 kwa malipo ya shilingi 1,200,000." Zile heshima za juu na chini zilikuwa nyingi, nakutakia baraka, wako katika ujenzi wa taifa, ila kazi yenyewe ilikuwa mstari huo mmoja. Akakubali ndani ya dakika 10. Ile spidi tu ingenishtua. Nikamrushia hela yote siku hiyohiyo pamoja na furushi la bidhaa, wigi moja, seti ya losheni na pafyumu mbili.

Sasa sikia mwezi ulivyokwenda. Wiki ya kwanza kimya, anasema anaandaa konsepti. Wiki ya pili akaweka stori mbili, na stori unajua yenyewe inakaa saa 24 inapotea, moja kaiweka Jumapili saa 5 usiku, nani anakwenda kununua foundesheni Jumapili saa 5 usiku. Kwenye hiyo nyingine akasema losheni yangu "inang'arisha siku tatu tu". Mimi siuzi mkorogo! Kesho yake wanawake wanaingia dukani wananong'ona "dada ile ya siku tatu iko wapi", wengine wanakonyeza kabisa, na mnajua vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchi hii, kwa hiyo nilikuwa nimemlipa mtu aniitie wakaguzi. Wiki ya tatu akaposti picha moja nzuri kwelikweli kavaa wigi langu, nikafurahi, nikaishea kila mahali. Siku ya tatu picha haipo. Namuuliza, ananiambia ilikuwa inaharibu mpangilio wa peji yake. Wiki ya nne stori nyingine mbili, na hapo mwezi ukaisha. Jumatatu iliyofuata nafungua simu namwona yuko ndani ya duka linalotazamana na langu, ng'ambo ya barabara, anacheka na mwenye duka, kavaa WIGI LANGU, anasema hapa ndo nyumbani kwa urembo Mwanza nzima.

Nikampigia nikiwa nimepandisha. Yeye hakupandisha hata kidogo. Akanitumia skrinshoti ya barua yangu mwenyewe, kazungushia duara jekundu ule mstari, akaandika chini: "Dada nionyeshe ni wapi imeandikwa nisifute, au nisiende kwingine." Nikatafuta. Nikasoma mpaka ile ya ujenzi wa taifa. Hakuna. Na kinachouma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi, yeye alitangaza, ndani ya mwezi, basi.

Ndo maana nakwambia sheria yangu ni moja tu, kila shilingi kwenye barua iwe na video yake. Ukiandika kiasi, pembeni yake andika ni kitu gani kinachohesabika kinachoilipia hiyo hela, kinapanda lini, kinakaa siku ngapi. "Kutangaza" hakuhesabiki. "Ushirikiano" hauhesabiki. Video mbili zinahesabika hata na mtoto wa chekechea.

Mara ya pili nilipoandika, kwa dada mwingine mwenye folowazi elfu 25 tu, moyo wa barua ulikuwa hivi, chukua ubadilishe yako:

"Utarekodi video 2 za rili, kila moja sekunde 30 hadi 60, ukiwa ndani ya duka letu, jina la duka na mtaa vikitajwa kwa sauti ndani ya sekunde 10 za mwanzo. Ya kwanza itapanda Ijumaa tarehe 6 na ya pili Ijumaa tarehe 20, kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku. Kila video itabaki kwenye ukurasa wako siku 60 bila kufutwa wala kufichwa. Utatutumia video tuione siku 2 kabla haijapanda, na hutataja matokeo ya bidhaa ambayo hatujakuandikia. Malipo ni shilingi 600,000: 200,000 siku ya kukubaliana, 200,000 video ya pili ikishapanda, na 200,000 siku ya 30 baada ya hapo video zote mbili zikiwa bado zipo."

Hilo neno "kufichwa" usiliache. Instagram mtu anaweza kuipeleka posti akaivu, haijafutwa lakini hakuna anayeiona, na akikwambia sijafuta hajadanganya. Ijumaa jioni niliichagua kwa sababu wateja wangu wengi wananunua Jumamosi, wa kwako huenda ni siku nyingine, angalia daftari lako la mauzo.

Halafu ile ya asiende kwa mshindani. Mimi kwa hasira niliandika asitangaze duka lolote la vipodozi miezi sita, yule dada akacheka, akaniambia dada, miezi sita nitakula nini. Kweli bwana, unamfungia mtu ofisi yake kwa laki sita. Tukashuka mpaka siku 14 baada ya kila video, na iwe maduka ya vipodozi ya jijini Mwanza tu, Dar atangaze anavyotaka. Ukitaka kumfunga zaidi ya hapo jiandae kuongeza hela, na hiyo hela nayo iandikie mstari wake.

Na kabla hujaandika hata salamu, mwombe skrinshoti ya Insights, pale kwenye "Top locations". Inaonyesha folowazi wake wako miji gani. Yule wa kwanza nilikuja kujua baadaye kwamba zaidi ya nusu walikuwa Dar, sasa mtu wa Mbagala anakuja Mwanza kununua lipglosi? Kama unatuma mzigo mikoani sawa, mimi mwaka ule nilikuwa situmi. Akikataa kukuonyesha, mwache.

Kitu kingine nilichoweka kwenye barua ya pili ni namna ya kuhesabu. Mteja akifika akataja jina la huyo dada anapewa lipglosi ndogo bure, na msichana wangu wa kaunta anachora mstari kwenye daftari. Ile ya kwanza nilikuwa sijui hata nani kaja kwa ajili ya tangazo na nani kaja kwa ajili ya mvua. Ya pili walitaja jina watu 83 ndani ya siku 60. Faida yangu kwa mteja ilikuwa kama 9,000 wastani, kwa hiyo 747,000. Toa laki sita yake, toa bidhaa nilizompa ambazo kwangu zilisimama 70,000, toa lipglosi 83 za 700 kila moja, imebaki 18,900. Ndiyo, cheka, faida ya chipsi kuku na soda. Ila hela imerudi yote, na baadhi ya wale 83 wamekuwa wateja wangu mpaka leo. Piga hiyo hesabu ya kwako kabla hujataja bei. Kwa milioni na laki mbili ya mara ya kwanza, kwa faida hiyohiyo ya 9,000, ningehitaji watu 134 waingie dukani ndo nirudishe fedha taslimu tu, bidhaa sijagusa, na nilichopata ni wanawake wanaokonyeza.

Kiswahili andika, unamwandikia mtu wa hapo hapo mjini, siyo ubalozi. Barua yangu ya pili niliituma WhatsApp tu, akajibu "nimesoma na nimekubali vipengele vyote" pamoja na jina lake kamili, na siku alipokuja kurekodi tukasaini nakala mbili palepale kaunta.

Mengine nimesahau uliuliza nini, nina hasira mpya. Usimrushie hela leo. Bandika barua yako hapa, jina lake lifiche, nikifunga duka saa 2 nitaipitia mstari kwa mstari. Na kama sampuli umeinunua kwa jamaa mmoja mpole mwenye sauti ya padri, niambie inboksi anapatikana wapi siku hizi.