Kuomba mali kauli ya siku 30: mashahidi wangu wa kwanza waliniangusha

Ombi langu la kwanza la mkopo wa bidhaa lilikataliwa kwa sababu ya majina mawili, na yote mawili nilikuwa nimeyaandika mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miezi mitano tangu nifungue kazi ya uchapishaji. Karatasi nilinunua kwa msambazaji mmoja, rimu 40 kila wiki, taslimu, kabla gari halijatoka ghalani kwake. Wateja wangu wao walinilipa wiki tatu baada ya kupokea kazi. Kwa hiyo kila wiki nilitoa fedha ambayo isingerudi kabla ya siku 21, na kila nilipopata oda kubwa nilikuwa mtu wa kuihofia badala ya kuifurahia. Nikaandika barua ya kuomba siku 30 za kulipa. Fomu yao ikataka marejeo matatu ya kibiashara, yaani wauzaji wengine ninaofanya nao kazi ambao wangeweza kuwauliza habari zangu. Mimi nawaita mashahidi. Si wadhamini, maana mdhamini hulipa ukishindwa, shahidi husema tu alichokiona.

Nikaandika majina matatu haraka haraka. La kwanza lilikuwa la kampuni ya binamu yangu. La pili, duka la wino nililonunua kwao tangu siku ya kwanza. La tatu, fundi wa mashine zangu.

Siku nne baadaye mama anayesimamia mikopo kwa yule msambazaji akanipigia. Alikuwa mpole, ila hakuzunguka. "Kijana wangu, huyu wa kwanza mnatumia jina moja la ukoo, nikamwacha. Wa pili nimempigia, mhasibu wao kaniambia wanakufahamu vizuri, mteja mzuri, lakini hawajawahi kukukopesha hata siku moja. Sasa mimi nimuulize nini?"

Nilikuwa nimeona fahari kwamba siku zote nililipa taslimu. Kwa mtu wa mikopo, taslimu haina ushahidi wowote. Anayelipa taslimu hajawahi kupewa nafasi ya kuchelewa.

Nilimwomba anisomee maswali anayouliza akipiga simu, akanisomea. Umemfungulia hesabu tangu lini? Unampa siku ngapi? Kikomo chake cha mkopo ni kiasi gani, na deni lake la juu kabisa limewahi kufika wapi? Leo anadaiwa nini, na kuna kilichopita tarehe? Huwa analipa siku ya ngapi hasa? Amewahi kuleta hundi ikarudi? Basi. Hakuna swali la tabia, wala la bidii, wala la mipango yako. Barua nzuri ya kukusifu iliyopigwa mhuri haijibu hata moja kati ya hayo, na ndiyo maana wengi huiweka pembeni na kuinua simu.

Ukitaka kuelewa ukali wao, kaa upande wao wa meza kidogo. Chukulia msambazaji anabaki na faida ya 10 katika kila 100 anayouza. Akinipa rimu 200 nisilipe, amepoteza gharama ya rimu hizo, ambayo ni 90 katika kila 100. Kuirudisha inambidi auze rimu 1,800 kwa watu wengine, na hapo ndipo anarudi sifuri. Tangu nilipopiga hesabu hiyo sijawahi kununa mtu akinikagua.

Nikaanza upya, safari hii kwa kutengeneza mashahidi kabla ya kuwatafuta. Nilirudi duka la wino, nikaomba siku 14 kwa katoni mbili tu. Kiasi hicho hata nisingelipa kisingewaumiza, wakakubali bila fomu. Msafirishaji wa mizigo yangu akakubali kunitoza kwa wiki badala ya kwa safari. Wa tatu alikuwa muuzaji wa maboksi ya kufungashia, siku 14 pia. Madeni yote matatu yalikuwa madogo kiasi kwamba ningeweza kuyalipa siku hiyohiyo, lakini sikufanya hivyo. Niliacha ankara ikae, nikalipa siku moja au mbili kabla ya tarehe, mwezi baada ya mwezi kwa miezi minne. Nilitaka kitabu chao kionyeshe deni linaloingia na kutoka.

Kabla ya kuandika majina yao kwenye fomu nilifanya jambo moja ambalo leo namshauri kila mtu: nilimwomba kila mmoja taarifa ya hesabu yangu, nikailinganisha na daftari langu mstari kwa mstari. Kwa msafirishaji ilikuwa safi. Kwa muuzaji wa maboksi nikakuta ankara ndogo yenye siku 45 bila kulipwa. Nilikuwa nimewarudishia maboksi yaliyolowa, wakakubali kunipunguzia, ila aliyepaswa kuandika hati ya kupunguza deni hakuiandika. Kwangu jambo lilikwisha siku ile ile. Kwenye kompyuta yao nilikuwa mdaiwa sugu. Dada wa hesabu alilirekebisha kwa dakika chache, lakini fikiria simu ya ukaguzi ingemkuta kabla yangu. Angesoma alichokiona kwenye kioo, wala asingekosea.

Dada huyo ndiye niliyemwandika kwenye fomu. Namba ya bosi wake ningeweza kuipata, lakini bosi angesema "yule hana tatizo" kisha akate simu. Anayeshika kitabu ndiye mwenye majibu. Nilimpa kwanza idhini ya kunizungumzia, maana sehemu nyingi hawatoi habari za mteja bila idhini yake, na nikamwambia nani atampigia. Mbele ya kila jina nikaweka namba ya hesabu yangu pale, mwezi tulioanza, siku ninazopewa na kikomo.

Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Tumenunua kwenu rimu 40 kila wiki kwa miezi tisa, zote kwa taslimu. Tunaomba kulipa siku 30 baada ya tarehe ya ankara, kwa kikomo cha thamani ya rimu 200. Tuko tayari kuanza na kikomo cha rimu 80 kwa siku 60 za mwanzo, huku zinazozidi tukiendelea kulipa taslimu. Marejeo matatu yameambatanishwa; wote wanatarajia simu yenu."

Hiyo 200 ina hesabu yake, na ndipo biashara nyingi changa hujikwaa. Mwezi una wiki nne, kwa hiyo mtu huzidisha 40 kwa nne, anaomba 160. Sasa zihesabu ankara. Ya kwanza inatoka siku ya 0, inayofuata siku ya 7, kisha ya 14, ya 21 na ya 28. Ile ya kwanza inalipwa siku ya 30. Kwa hiyo siku ya 28 una ankara tano mkononi, si nne, na tano mara 40 ni 200. Mwenye kikomo cha 160 anazuiwa mzigo wa siku ya 28 ilhali hajachelewesha chochote. Mbaya zaidi, atadhani msambazaji amemgeuka. Hata kwa kikomo cha 200 usilegee: malipo ya siku ya 30 yakichelewa benki hadi siku ya 36, mzigo wa siku ya 35 unakuta nafasi imejaa.

Wakanipa nusu ya nilichoomba: kikomo cha rimu 100 kwa miezi mitatu, kisha watatazama. Nilikubali papo hapo. Kila mwezi, kuanzia mzigo wa tatu, nilivuka kikomo, nikalipa kilichozidi taslimu kama nilivyoahidi kwenye barua, na kwa kuwa niliahidi mapema hakuna aliyeshangaa.

Nilichoshindania zaidi ni tarehe ya kuanza kuhesabu. "Siku 30" ni maneno matatu tofauti. Kuna siku 30 tangu tarehe ya ankara, siku 30 tangu mzigo ufike, na siku 30 tangu mwisho wa mwezi wa ankara. Kwa huu mtindo wa mwisho, ankara ya tarehe 2 Aprili inalipwa tarehe 30 Mei, karibu miezi miwili. Wao walihesabu tangu tarehe ya ankara, na ankara zao zilichapwa siku oda inapopokelewa. Mara mbili mzigo ulinifikia siku ya sita. Hapo siku 30 zangu zilikuwa 24, na mteja wangu analipa siku 21 baada ya kupokea kazi ambayo bado sijaichapa. Sikubishana kuhusu mtindo wao. Niliomba tu ankara itolewe siku gari linapoondoka, wakakubali, nikaomba waliandike kwenye mkataba.

Kwenye karatasi ya mwisho ya fomu, chini ya sehemu ya sahihi, kulikuwa na sentensi mbili za maandishi madogo: mwenye kusaini anadhamini madeni yote ya kampuni, ya sasa na ya baadaye, kwa mali yake binafsi. Ningeweza kuipita. Unaposajili kampuni ili deni lake lisije mlangoni kwako, sentensi kama hiyo inalifungulia mlango. Sisemi usisaini kamwe. Kwa kampuni changa isiyo na mali, msambazaji ana haki ya kuuliza. Nilimpigia yule mama, nikamwomba dhamana iwe na ukomo: isizidi kikomo changu cha mkopo, na ife baada ya miezi 12 ikiwa sijachelewa.

Akanyamaza kidogo. "Hilo la kikomo nakubali. La miezi 12 nikamuulize mkubwa."

Mkubwa alikataa miezi 12, akatoa 18. Walinirudishia fomu ikiwa na masahihisho ya kalamu pembeni na sahihi zao mbili juu yake, nami nikatia yangu. Nakala yake naihifadhi pamoja na ankara ya kwanza, niliyoilipa siku ya 28.