Ukihariri kipeperushi cha akaunti ya mwanafunzi, fuata salio lake

Miaka michache iliyopita meneja wa tawi moja la benki hapa Dar es Salaam alinipa kipeperushi cha akaunti ya wanafunzi nikisome kabla hakijaenda kuchapwa. Vyuo vilikuwa karibu kufunguliwa, na vijana wa mwaka wa kwanza walikuwa wanatafuta akaunti ya kupokelea boom. Juu kilisema kwa herufi kubwa: "FUNGUA BURE! HAKUNA MAKATO YA MWEZI!" Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Hakukuwa na uongo hata mmoja pale. Lakini mtu ambaye hajawahi kuwa na akaunti akiona "hakuna makato ya mwezi" anasikia "hakuna makato". Hajui kwamba kutunza akaunti ni gharama moja na kutoa pesa ni nyingine. Wewe unayehariri unalijua hilo, ndiyo maana jicho lako linapita bila kukwama.

Nilichofanya ni kuchukua kalamu na kumfuata mwanafunzi mmoja na pesa zake. Tarakimu hizi nimezibadilisha kidogo, ila hesabu ni ileile. Ana 10,000 kwenye akaunti. Jedwali la tozo la ofisini linasema kutoa kwenye ATM ya benki ni shilingi 1,000 "bila VAT". Ongeza asilimia 18, inakuwa 1,180. Ukurasa wa pili wa jedwali hilo, kwenye masharti, kuna salio la chini la 2,000 ambalo haliguswi. Kwa hiyo anachoweza kutoa hakifiki hata 7,000, na kama mashine ile ina noti za elfu kumi tu, anaondoka mikono mitupu. Atasema benki imemla pesa, na sitamlaumu, maana kwenye kipeperushi hakuna mahali alipoambiwa.

Basi nikaandika upya sehemu ya makato kwa kutumia mfano huohuo:

"Kufungua akaunti: bure. Makato ya mwezi: hakuna, mpaka utakapomaliza chuo. Kutoa pesa kwenye ATM yetu: shilingi 1,180 kila unapotoa, kodi ikiwemo. Shilingi 2,000 lazima zibaki kwenye akaunti. Mfano: ukiwa na 20,000 na ukatoa 10,000, utabaki na 8,820. Kati ya hizo, 2,000 huwezi kuzitoa."

Maneno "kila unapotoa" niliyapigania. Mwanafunzi hutoa kidogo kidogo, elfu tano leo, elfu tano keshokutwa. Akitoa mara tatu amekatwa 3,540, wakati angetoa 15,000 kwa mkupuo angekatwa 1,180 tu. Na usikubali kuandika bei bila kodi kwa kuwa jedwali la ofisini limeandikwa hivyo. Anayesoma anataka kujua kiasi kitakachotoka kwenye salio lake.

"Mpaka utakapomaliza chuo" nalo halikuwepo. Nililipata nilipomuuliza meneja nini kinatokea baada ya mahafali. Akanijibu kwamba akaunti inageuka ya kawaida na makato ya mwezi yanaanza. Sharti la namna hiyo likae ubavuni mwa faida inayolihusu. Ukilipeleka ukurasa wa nyuma, umelificha.

Kwenye sifa za mwombaji paliandikwa: "Awe mwanafunzi wa taasisi ya elimu ya juu inayotambulika, mwenye kitambulisho halali." Kitambulisho kipi? Wa mwaka wa kwanza bado hajapewa cha chuo, na wengi wana namba ya NIDA lakini kadi hawajaiona. Meneja akasema wao wanapokea barua ya udahili na namba tu. Nikaandika hivyo hivyo: "Hujapata kitambulisho cha chuo? Njoo na barua ya udahili na namba yako ya NIDA. Kadi si lazima." Hapa usikisie hata kidogo. Muulize ofisa anayekaa dirishani na kupokea fomu, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anarudishwa na kwa kukosa nini.

Mwisho nilimpa binti wa jirani, aliyekuwa anasubiri kuanza chuo, nakala ya majaribio. Sikumuuliza kama ameelewa, maana angeniitikia tu kwa adabu. Nilimwambia, "Mwanangu, una elfu ishirini. Ukitoa elfu kumi, zinabaki ngapi?" Akajibu sawasawa: 8,820. Nikamuuliza tena, "Na hizo unaweza kuzitoa zote?" Akasita, akageuza karatasi nyuma na mbele, akasema, "Ndiyo, si zangu?"

Sentensi ya salio la chini ilikuwa inafuata palepale, ila mchora michoro alikuwa ameitupa chini ya picha. Tukaipandisha ikae mstari mmoja na 8,820, tukamtafuta kijana mwingine ambaye hajakiona, tukauliza upya.