Video bila sauti: andika kile ambacho picha haiwezi kusema

Watu wengi wakiambiwa waweke maandishi kwenye video, wanachukua maneno ya mzungumzaji na kuyamwaga kwenye skrini yalivyo. Hayo ni manukuu, na yana kazi yake. Lakini mtu aliyezima sauti hahitaji kila neno lililotamkwa. Anahitaji kuelewa. Mimi nimekuwa nikihariri video fupi za mafunzo kwa muda sasa, na kazi kubwa ya maandishi siifanyii tena kwenye programu ya kuhariri. Naifanyia kwenye karatasi, kabla sijagusa video.

Naanza kwa kuitazama video nzima ikiwa kimya, kalamu mkononi. Kila mahali ambapo picha pekee haitoshi, naweka alama. Alama hizo huangukia karibu sehemu zilezile: muda wa kusubiri, kiasi, sababu, katazo, na sauti yenyewe. Picha haiwezi kuonyesha "usifanye". Haiwezi kuonyesha "kwa sababu". Dakika tano za kusubiri mhariri amezikata, kwa hiyo mtazamaji anaona hatua mbili zikifuatana papo hapo.

Nichukue mfano wa video ya kuziba pancha ya baiskeli niliyoletewa na fundi mmoja. Mwanzoni anasogeza tyubu sikioni, anatulia, kisha anatia alama ya kalamu. Mwenye sauti anasikia upepo ukivuja. Asiye na sauti anaona mtu anayesikiliza mpira, basi. Pale niliandika "Sikiliza upepo unapovuja", na shida ikaisha. Sehemu nyingine, kama ya kulitoa tairi kwenye rimu, sikuandika chochote, maana mikono ilikuwa inajieleza. Kuandika "Sasa natoa tairi" juu ya picha ya mtu anayetoa tairi ni kumchosha msomaji bure.

Ugumu ulikuwa kwenye gundi. Fundi alisema hivi: "Sasa ukishapaka gundi, usiwe na haraka ya kubandika kiraka. Iache kwanza kama dakika tano hivi, mpaka ule umajimaji upotee, ndipo ubandike, la sivyo kiraka chenyewe kitabanduka ukishajaza upepo." Ni maelezo mazuri kwa sikio. Kwa jicho ni karibu herufi 200, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, na picha yenyewe ilidumu sekunde 9.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Waandishi wa manukuu ya filamu huruhusu takriban herufi 15 hadi 17 kwa sekunde. Kwa video ya mafunzo mimi nashuka hadi 12, kwa kuwa mtazamaji anatakiwa asome na wakati huohuo atazame mikono inafanya nini. Ukigawa herufi 200 kwa 12 unapata sekunde 16 na zaidi. Sekunde zilizopo ni 9. Kupunguza ukubwa wa herufi hakusaidii, kwani tatizo ni muda wa kusoma, si nafasi.

Kwa hiyo nikajiuliza: katika maneno yale, ni lipi ambalo mtu akilikosa ataharibu kazi? Ni matatu: asubiri, kwa nini asubiri, na atajuaje kwamba muda umefika. "Sasa", "hivi", "chenyewe" na "ukishapaka gundi" vikaondoka, hilo la mwisho kwa sababu gundi inaonekana ikipakwa. Yakabaki maandishi matatu yanayofuatana:

"Subiri dakika 5
kabla ya kubandika"

"Gundi ikiwa mbichi,
kiraka hubanduka"

"Iko tayari:
haing'ai tena"

La kwanza linahitaji sekunde 3, la pili 3, la tatu 2. Jumla ni 8, na sekunde moja inabaki ya jicho kupumua. Angalia pia mpangilio. Agizo limetangulia, sababu imefuata, ili mtu akisoma la kwanza tu na kupitiliza, awe amebeba lililo muhimu. Katika mazungumzo fundi alianza na hali, akamalizia na matokeo. Kwenye skrini mtindo huo ni hatari, kwa kuwa huna hakika mtazamaji atafika mwisho wa sentensi.

Angalia na mistari ilivyokatwa. Maneno yetu ni marefu, neno moja kama "utakapolibandika" linaweza kula zaidi ya nusu ya mstari kwenye video ya wima, kwa hiyo nazuia kila mstari usizidi herufi 22 hivi, na mistari isizidi miwili. Programu ikikata yenyewe, mara nyingi hutenganisha "kabla" na "ya", au "dakika" na "5". Msomaji anayumba kidogo, na kuyumba huko kunakula muda uliokwisha kuupigia hesabu. Nakata kwa mkono, kila mstari ubebe wazo linaloshikika.

Neno "hapa" na "hii" nayaogopa. Kwenye sauti yanafuatana na kidole. Kwenye maandishi yanabaki hewani ikiwa kidole kimeshaondoka. "Paka hapa" nageuza kuwa "Paka kuzunguka tundu".

Kuhusu mwonekano sina mengi. Herufi nyeupe nene juu ya kisanduku cheusi chenye uwazi kidogo zinasomeka juu ya picha yoyote. Herufi nyeupe peke yake zinapotea mara tu shati jeupe linapopita nyuma. Kwenye fremu ya 1080 kwa 1920, naacha takriban pikseli 400 za chini na 150 za kulia bila kitu, kwa sababu mitandao huweka hapo jina la akaunti, maelezo na vitufe. Na ule mtindo wa neno mojamoja linalorukaruka katikati ya skrini, kwa mafunzo siupendi hata kidogo. Unaliteka jicho, mikono haitazamwi.

Kuna wakati hesabu inakataa. Umeshapunguza mpaka hakuna cha kupunguza, na bado maandishi yanataka sekunde 7 juu ya picha ya sekunde 4. Usiyabane. Gandisha fremu ya mwisho kwa sekunde hizo tatu, au rudisha sehemu ya picha iliyokatwa. Hata hivyo sauti ibaki ilivyo, na maelezo yake yote: asiyeona hapati chochote kutoka kwenye maandishi yaliyochomwa ndani ya video, na kisomaji skrini hakiwezi kuyasoma.

Kabla ya kuirusha, nampa simu mtu ambaye hajawahi kuiona video hiyo, sauti ikiwa imezimwa, naye aishike umbali wake wa kawaida. Simuulizi kama ameielewa, maana atasema ndiyo. Namwambia anieleze hatua kwa hatua namna ya kuziba pancha. Yule wa video ya fundi alisema, "Unapaka gundi, unasubiri kama dakika tano ipoteze kung'aa, unabandika." Alipofika kwenye kusugua tyubu kwa msasa hakutaja kitu. Nilirudi nikatazama: sehemu ile ilikuwa ya sekunde moja na nusu, na juu yake kulikuwa bado na maandishi ya hatua iliyotangulia. Nikayaondoa mapema, nikairefusha picha ya msasa, nikaandika "Sugua mpaka ikwaruze".